Alama ya Chaki Kwenye Fulana: Kiwiko, Njia ya Chuma na Mgongo Unapopiga Benchi

Kijana aliinuka kutoka kwenye benchi, akalishika bega lake la kulia kwa mkono wa kushoto, akaanza kulizungusha taratibu kama mtu anayetafuta mahali panapouma. Alikuwa amevaa fulana nyeusi. Kabla ya seti ile nilikuwa nimepaka chaki katikati ya chuma, na sasa chaki hiyo ilikuwa imeacha mstari mweupe juu ya kifua chake, vidole viwili tu chini ya mtulinga.

"Kocha, kifua sikisikii kabisa," aliniambia. "Ni bega tu."

Wiki mbili kabla ya hapo, rafiki yake alimwambia afunge viwiko ili kuliokoa bega. Alivifunga kweli, vikagusa mbavu, na chuma kikawa kinashukia juu kidogo ya kitovu. Bega lilipoa, lakini kilo 60 alizokuwa akizisukuma mara nane zilimshinda kabisa, na hata 50 zikawa nzito. Mikono ilichoka kabla kifua hakijaanza kazi. Akakata tamaa na kurudi kwenye mtindo wake wa zamani, na ndipo nilipompaka chaki chuma chake.

Hadithi yake ni ya wengi wanaopiga benchi presi. Watu huambiwa "funga viwiko", "kunja mgongo", "peleka chuma nyuma", kila neno na siku yake, kana kwamba ni mambo matatu yasiyojuana. Kumbe ni jambo moja. Mgongo ndio unaoamua kifua kitakuwa juu kiasi gani, kifua kinaamua chuma kitagusa wapi, na pale kinapogusa ndipo panapoamua pembe ya kiwiko na njia ya kurudia juu. Ukibadilisha kimoja na kuviacha vingine, unahamisha mzigo kutoka msuli mmoja kwenda mwingine bila kujua.

Tuanze na misuli yenyewe. Msuli mkubwa wa kifua umetandazwa kama upepeo. Mpini wake umeshikana na mfupa wa mkono wa juu, karibu na kwapa. Kutoka hapo nyuzi zake zinatawanyika: za juu zinakwenda kwenye mtulinga, na za chini, ambazo ni nyingi zaidi, zinakwenda kwenye mfupa wa kidari na kwenye mbavu. Kazi yake kubwa ni kuuvuta mkono uliotanuka pembeni uje katikati ya mwili, kama unapomkumbatia mtu. Zile nyuzi za juu zina kazi ya ziada: zinasaidia kuinua mkono kuelekea mbele.

Kuinua mkono mbele ndiyo kazi kuu ya msuli wa pili, deltoidi ya mbele, ile nyama iliyofunika bega upande wa mbele. Ukinyoosha mkono kuchukua kitu kwenye rafu, huyo ndiye anayefanya kazi. Wa tatu ni trisepsi, msuli wa nyuma ya mkono wa juu, ambao kazi yake ni kukinyoosha kiwiko kilichokunjwa. Katika benchi presi wote watatu wanafanya kazi kwa pamoja na hakuna mtindo unaomlaza mmoja wao kabisa. Kinachobadilika ni nani anabeba zaidi.

Ili kuona ni nani anabeba zaidi, fikiria ndoo ya maji. Ukiishika ikining'inia ubavuni unaweza kutembea nayo hadi nyumbani. Nyoosha mkono mbele ukiwa na ndoo ileile, na bega litaanza kutetemeka kabla hujahesabu hadi kumi. Maji hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni umbali kati ya mzigo na kiungo kinachoubeba. Kwa bega, mzigo ni kilo na umbali kwa pamoja.

Sasa lala kwenye benchi, chuma kikiwa kimegusa kifua. Kama kigasha chako, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, kimesimama wima, uzito wa chuma unashuka moja kwa moja kupitia kiganja hadi kwenye kiwiko. Kwa hiyo umbali ambao bega linapambana nao ni urefu wa mkono wa juu, kutoka begani hadi kiwikoni. Kwa kijana wangu urefu huo ulikuwa karibu sentimita 30. Chuma cha kilo 60 kinampa kila mkono kilo 30. Ndizo hesabu zetu: kilo 30 zilizosimama sentimita 30 kutoka begani.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani ukifunga viwiko mzigo wa bega unapungua. Haupungui, kwa sababu mkono wa juu haufupiki. Kinachobadilika ni upande ambao mzigo umekaa.

Viwiko vikiwa vimetanuliwa kabisa, digrii 90 kutoka ubavuni, umbali wote wa sentimita 30 unakwenda pembeni ya mwili. Kuurudisha mkono kutoka pembeni ni kazi ya kukumbatia, kazi ya kifua. Kuelekea miguuni hakuna umbali wowote, kwa hiyo kazi ya kuinua mkono mbele ni ndogo. Ukivileta viwiko hadi digrii 60, umbali wa pembeni unakuwa sentimita 26 na wa kuelekea miguuni unakuwa 15. Kifua kimepoteza sentimita nne tu, lakini deltoidi ya mbele imepata kazi ya kutosha. Kwa digrii 45, pande mbili zinalingana, 21 kwa 21. Ukivifunga hadi digrii 30, mambo yamepinduka: pembeni 15, kuelekea miguuni 26. Hapo umeigeuza benchi presi kuwa zoezi la kuinua mkono mbele, na deltoidi pamoja na zile nyuzi za juu za kifua ndizo zinazoteseka. Ndiyo maana kilo 50 zilimlemea kijana alipovigandisha viwiko kwenye mbavu. Kifua chake hakikuwa kimedhoofika, alikuwa amekipokonya kazi.

Msomaji atauliza: kama digrii 90 zinakipa kifua kila kitu, kwa nini tusitanue viwiko tu? Wako waliofundisha hivyo. Vince Gironda, mwalimu mashuhuri wa watunisha misuli huko California, aliwashushia wanafunzi wake chuma hadi shingoni, viwiko vikiwa vimetanuka, ili kifua kivutike kadiri inavyowezekana. Kifua kinavutika kweli. Lakini bega lina paa. Juu ya kiungo kuna ncha ya mfupa wa kombe la bega, na chini ya ncha hiyo kuna nafasi nyembamba ambamo hupita kano za misuli midogo inayolishikilia bega mahali pake. Mkono uliotanuliwa hadi usawa wa bega unaipunguza nafasi hiyo. Ukiweka juu yake kilo 60, ukazishusha na kuzipandisha mara 30 kwa siku, siku tatu kwa wiki, kano zinasuguliwa. Zaidi ya hapo, mkono uliotanuka na kushuka chini ya usawa wa mwili unaivuta ngozi ngumu ya mbele ya kiungo. Maumivu yanayokaa mbele ya bega, yale kijana aliyokuwa akiyatafuta kwa vidole, mara nyingi huanzia hapo.

Mwaka 2007, watafiti wa Uingereza Green na Comfort walipitia yaliyoandikwa kuhusu upana wa mshiko na majeraha, wakashauri mshiko usizidi mara moja na nusu ya upana wa mabega, na viwiko visitanuliwe sana. Kijana wangu ana upana wa sentimita 41 kutoka ncha ya bega moja hadi nyingine. Mara moja na nusu ni karibu sentimita 61. Tulipopima kwa utepe wa fundi cherehani tulikuta anashika sentimita 76. Kwa mshiko ule, hata angetaka kuvifunga viwiko kidogo, vigasha visingeweza kusimama wima. 

Hapo tunafika kwenye trisepsi, na kuna jambo la kusahihisha. Husemwa kwamba ukivifunga viwiko, trisepsi inafanya kazi zaidi. Si kufunga kwenyewe kunakofanya hivyo. Trisepsi inaangalia umbali kati ya kiwiko na mahali chuma kilipo. Kigasha kikisimama wima kama nguzo ya nyumba, chuma kiko juu ya kiwiko moja kwa moja na uzito wake haukikunji kiwiko sana. Kigasha kikiinama kuelekea kichwani, chuma kimevuka kiwiko, na sasa uzito unakikunja kiwiko kwa nguvu. Trisepsi inalazimika kuzuia. Hicho ndicho kilichotokea kijana alipovifunga mno: viwiko vilikwenda mbali kuelekea miguuni, chuma kikabaki nyuma yake, na nyuma ya mikono kukawaka moto.

Njia nzuri ya kuipa trisepsi kazi zaidi ni kuusogeza mshiko ndani, hadi upana wa mabega au zaidi kidogo. Kwa mshiko huo kiwiko kinakunjika zaidi chini na kina safari ndefu ya kunyooka, na vigasha bado vinaweza kusimama wima. Lakini ujue unachobadilishana: viwiko vitakaa karibu na mbavu vyenyewe, chuma kitagusa chini zaidi, na kilo zitapungua. Ni zoezi halali kabisa, mradi umelichagua.

Sasa twende kwenye njia ya chuma. Watu wengi wanaamini chuma kinapaswa kushuka na kupanda kwa mstari ulionyooka kama bomba. Ingekuwa hivyo kama ungegusa kifua usawa wa mabega. Lakini tumeona kwamba kugusa huko ndiko kunakolitesa bega. Ukigusa chini ya hapo, tuseme sentimita 15 kuelekea miguuni, huwezi kumaliza kwa mstari ulionyooka, kwa sababu juu, mikono ikishanyooka, chuma kinapaswa kutulia juu ya mabega yenyewe. Hapo umbali ni sifuri, na mifupa ndiyo inayobeba. Kwa hiyo chuma lazima kisafiri sentimita hizo 15 kurudi nyuma. Swali ni lini.

Thomas McLaughlin, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza mwendo wa mwili, alilifanyia kazi swali hilo. Yeye na mwenzake Madsen walitoa utafiti mwaka 1984 uliowalinganisha mabingwa wa kunyanyua na wanaoanza. Wanaoanza walikisukuma chuma juu kwanza, kisha wakakirudisha nyuma karibu na mwisho. Mabingwa walifanya kinyume: mara tu chuma kilipoacha kifua walikisukuma juu na nyuma kwa pamoja, kuelekea usoni, na sehemu iliyobaki wakaimaliza karibu wima. Waliweka chuma karibu zaidi na bega kuliko wanaoanza.

Sababu yake utaiona ukirudi kwenye hesabu zetu. Kila mnyanyuaji anapajua pale pagumu, sentimita chache juu ya kifua, ambapo chuma hupunguza mwendo na wakati mwingine hugoma kabisa. Watafiti Roland van den Tillaar na Gertjan Ettema, wanaofanya kazi Norway, wameandika mengi kuhusu kipande hicho. Anayesukuma wima tu anafika hapo akiwa bado amebeba umbali wote wa sentimita 15 kuelekea miguuni. Aliyekwisha kurudisha chuma nyuma sentimita saba anafika hapo akiwa na nane tu. Kilo ni zilezile 30 kwa kila mkono, lakini deltoidi ya mbele inapambana na karibu nusu ya mzigo ule. Wakati huohuo viwiko vinafunguka kidogo kuelekea pembeni, na kifua kinabaki kazini kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mtu mwenye njia nzuri husema kifua kimechoka, na mwenye njia mbaya husema bega limechoka, hata kama wote wamegusa mahali pamoja.

Kurudisha nyuma kuna kipimo chake. Ukikivuta chuma usoni haraka mno huku viwiko vikibaki nyuma, kigasha kitainama kuelekea kichwani, na trisepsi itabeba mzigo ambao haikutayarishwa. Dalili yake ni rahisi kuiona: chuma kinayumba kuelekea kwenye stendi, na msaidizi anakidaka. Kiwiko na chuma visafiri pamoja. Chuma kikirudi, kiwiko kinafuata chini yake, na kigasha kinabaki wima safari nzima.

Kilichobaki ni mgongo, ambao ndio mwanzo wa yote. Mtu akisikia "kunja mgongo" hufikiria kiuno. Anakipindisha kiuno, matako yanapaa, na jioni analala kwa tabu. Upinde unaotakiwa uko juu zaidi, kati ya makombe ya mabega, mahali ambapo wanawake hufunga mtoto mgongoni. Fanya hivi kabla ya kushika chuma: lala, yavute makombe ya mabega yakaribiane nyuma, kisha yashushe kuelekea mifuko ya nyuma ya suruali. Kifua kitapanda chenyewe. Kiuno kitapinda kidogo kwa kufuata, na hilo si tatizo, mradi matako yamebaki kwenye benchi na nyayo zimekanyaga sakafu sawasawa.

Upinde huo unafanya kazi tatu. Ya kwanza ni kulipa bega msingi. Makombe yaliyobanwa kati ya mgongo na benchi hayatelezi, na kiungo kinasukuma kutoka mahali palipotulia. Makombe yakiachwa yatawanyike, bega linatoka mbele kila chuma kinapopanda, na deltoidi ya mbele inachukua kazi ya kifua. Mtu anayemaliza kila rudio kwa kuyasukuma mabega juu kutoka kwenye benchi anajiharibia msingi huo mwenyewe, na rudio linalofuata linaanza bila msingi.

Kazi ya pili ni kufupisha mteremko. Kifua kikipanda sentimita nne, chuma kinakutana nacho mapema kwa kiasi hichohicho, na kiwiko hakizami sana chini ya usawa wa mwili. Ile ngozi ngumu ya mbele ya bega inapumzika. Kwa mtu mwenye mikono mirefu na kifua chembamba, sentimita nne hizo zinaweza kuwa tofauti kati ya kupiga benchi miaka mingi na kuacha baada ya miezi sita.

Ya tatu ndiyo inayogusa misuli moja kwa moja. Kifua kilichoinuliwa kinaulaza mwili wa juu kama vile benchi imeinamishwa kidogo kuelekea kichwani. Mkono unasukuma kuelekea sehemu ya chini ya kifua, sambamba na zile nyuzi nyingi zinazotoka kwenye mfupa wa kidari. Nyuzi za mtulinga na deltoidi ya mbele zinapunguziwa kazi. Ni kinyume cha benchi iliyoinuliwa upande wa kichwa, ambayo huzipa kazi zaidi. Kwa hiyo anayetaka kujenga kifua cha juu asitegemee upinde mkubwa kumfikisha huko. Atumie benchi ya kuinuka, au apunguze upinde na apunguze kilo.

Upinde nao una mpaka. Katika mashindano ya kunyanyua vyuma, baadhi ya wanyanyuaji wepesi wa viungo walijipinda hadi chuma kikawa kinasafiri sentimita chache tu, wakishika upana wote unaoruhusiwa, yaani sentimita 81 kati ya vidole vya shahada. Shirikisho la kimataifa, IPF, lilibadilisha sheria kuanzia Januari 2023: sehemu ya chini ya viwiko lazima ishuke hadi usawa wa juu ya mabega au chini yake, la sivyo jaribio halihesabiwi. Kwa sisi tusioshindana, sheria hiyo ni kipimo kizuri. Kama kiwiko chako hakifiki usawa wa bega, umeinyima misuli safari yake. Utanyanyua kilo nyingi, lakini kifua hakitavutika vya kutosha kukua.

Anayetaka kuona upinde wa mgongo wa juu peke yake, bila msaada wa miguu, awatazame wanyanyuaji wenye ulemavu. Katika michezo ya Paralimpiki kunyanyua vyuma ni benchi presi tu, hakuna zoezi jingine. Mwanariadha analala na miguu ikiwa juu ya benchi, mara nyingi imefungwa kwa mikanda, kwa hiyo hana sakafu ya kusukumia. Msingi wake wote ni makombe ya mabega. Mkenya Hellen Wawira Kariuki alishinda medali ya shaba ya uzito mwepesi kwa mtindo huo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022. Mtazame mwanariadha wa mchezo huu anavyojipanga kabla ya amri ya kuanza: muda mrefu hutumika kuyakaza mabega kwenye benchi, na kusukuma kwenyewe ni sekunde chache.

Turudi kwa kijana wetu. Siku ileile tuliondoa sahani, tukabaki na chuma kitupu cha kilo 20. Nilimwekea alama mbili za utepe kwenye chuma, sentimita 62 kati yake, ili mikono isitanuke tena. Akavuta makombe nyuma na chini, kifua kikapanda. Nikamwambia ashushe chuma pale kinapotaka kwenda chenyewe huku vigasha vikisimama wima, asitafute pembe yoyote. Mstari mpya wa chaki ulitokea chini kidogo ya chuchu. Simu yake niliiegemeza kwenye kiti pembeni, kwa kimo cha benchi, na mwingine akarekodi kutoka upande wa miguu. Kwenye picha ya kusimamisha, viwiko vilikuwa karibu digrii 60 kutoka ubavuni. Hakuna aliyempa pembe hiyo. Ilitokana na mgongo na mshiko.

Video ya pembeni ilionyesha tatizo lililobaki. Chuma kilipanda wima kama sentimita 12, kisha kikarudi nyuma ghafla. Nilimpa agizo moja tu: ukiacha kifua, kisukume kuelekea kwenye stendi, si kuelekea dari. Mara ya tatu mstari ukawa wa mshazari tangu mwanzo. Tulifanya seti tatu za marudio sita kwa kilo 40 na tukaishia hapo. Aliponyanyuka, mkono haukwenda begani. Alijipapasa chini ya kwapa na pembeni mwa kidari, akacheka.

"Leo kiko huku," alisema.

Ilimchukua wiki saba kuzirudia kilo 60 kwa marudio nane, akiongeza kilo mbili na nusu kila aliporidhika na video. Zingatia kwamba hakuongeza msuli mwingi katika wiki saba. Alichopata ni mgawanyo sahihi wa kazi.

Si kila mtu atatua kwenye digrii 60. Mwenye mikono mirefu au kifua chembamba atajikuta karibu na 50, na mwenye mikono mifupi na kifua kinene atakaribia 70. Mifupa yako ndiyo inayoamua, ndani ya eneo hilo. Pembe unayoipima kwa digrii ni matokeo, na kigasha kilichosimama wima kutoka pande zote mbili ndicho shahidi. Ukitazamwa kutoka miguuni, kiganja kiwe juu ya kiwiko, kisiwe ndani wala nje yake. Ukitazamwa kutoka ubavuni, vivyo hivyo. Shahidi mmoja akikataa, tafuta kosa kwenye mshiko, kwenye mahali unapogusa au kwenye mgongo, kwa mpangilio huo.

Na kuna maumivu ambayo mtindo hauyatibu. Bega linalouma usiku ukililalia, mkono usioweza kuinuka hadi sikio, au mlio wa kukatika karibu na kwapa chuma kikishuka, ukifuatwa na uvimbe na wekundu wa damu chini ya ngozi, hayo yapeleke hospitali. Usiyapime kwa sahani nyepesi.

Ukienda mazoezini kesho, usianze kwa kuongeza kilo. Paka chaki katikati ya chuma, vaa fulana nyeusi, piga seti moja nyepesi, kisha uangalie mstari umekaa wapi. Ukiwa karibu na mtulinga, bega lako linalipa. Ukiwa juu ya tumbo, deltoidi na trisepsi zinalipa. Ukikaa chini kidogo ya chuchu, vigasha vikiwa wima na makombe yamekazwa kwenye benchi, kifua ndicho kinachofanya kazi uliyomletea.